Nilivyomshona Mjomba

Mshono ule ulikuwa mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Nyuzi sita, nafasi kati ya uzi na uzi sawasawa, ngozi haikujikunja popote. Laiti ningeshona ovyo, kidonda kingeachia, usaha ungetoka, hewa ingeingia, na mjomba wangu asingepata mateso aliyoyapata. Lakini nilikuwa hodari, na kila mtu aliyekuwepo uani siku ile aliniambia hivyo.

Nilikuwa muuguzi. Miaka ile ya tisini ruhusa ya kufungua zahanati za watu binafsi ilikuwa imetoka, na Mwanza nzima ikajaa vibao vyenye msalaba mwekundu. Asubuhi nilifanya kazi kliniki ya serikali ya mama na mtoto. Jioni nilikwenda kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi kule Mkuyuni. Wengi wa wagonjwa wetu wa jioni walitoka kwenye viwanda vya minofu ya sangara, vidole vimekatwa na visu. Majeraha yale yalikuwa safi, hayakwenda chini sana, na yaliletwa yakiwa bado yanatoka damu. Niliyaosha, nikayashona, yakapona. Sifa zangu zikaenea Mabatini yote nilikokuwa nikiishi, na kichwa kikavimba. Nikaanza kuamini kwamba kidonda kikifungwa vizuri ndiyo kimepona.

Mjomba alikuwa kaka pekee wa mama yangu. Alifuga ng'ombe kijijini, ng'ambo ya Misungwi. Baba yangu alipofariki nikiwa darasa la pili, ni yeye aliyetulea, na nilipochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi aliuza ng'ombe aliyekuwa akimtegemea kwa maziwa. Wenzake walimcheka kwamba amebadilisha ng'ombe kwa msichana. Yeye aliwajibu kwamba wakiugua wasije kumwuliza njia ya kwenda kwangu.

Alifika nyumbani kwangu Jumapili moja ya masika, mguu umefungwa kanga ya mkewe, na mkewe nyuma yake amebeba kuku. Nikampigia magoti. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mayu," akaitika, kwa lile neno la Kisukuma la kumwita mwanamke mama, ambalo alikuwa akiniita tangu sijui kuvaa viatu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu kama mtu anayemwonyesha fundi baiskeli yake.

Ajali ilikuwa ya jana yake jioni, zizini. Dume lilimsukuma kwenye nguzo iliyovunjika, na ncha ya mti ikaingia kwenye shavu la mguu, akaanguka nao ndani ya tope na samadi. Mti aliuchomoa mwenyewe. Njiani kuja mjini alikuwa amepita mlango wa kituo cha afya. Hakuingia. Kwetu, ukiwa na mtoto muuguzi halafu ukaenda kupanga foleni kwa mtu baki, ni kama umemtukana mtoto wako.

"Nina daktali wangu," alisema, na watu wote uani wakacheka, mimi wa kwanza.

Nilichemsha vifaa kwenye jiko la mafuta ya taa. Majirani walikuwa wameshavuta viti. Mama yangu alikaa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha kanisani, akiwaeleza wageni kwamba binti yake huko Mkuyuni hutangulizwa hata mbele ya mganga mkuu, jambo ambalo halikuwa kweli. Niliosha kidonda kwa maji na sabuni, nikamimina spiriti, nikaondoa vipande vya samadi vilivyokuwa mdomoni mwa kidonda. Mdomo wake ulikuwa mrefu kiasi cha kidole. Chini ulikwenda mbali zaidi, na kule mbali mimi sikufika. Koleo yangu iligusa kitu, mjomba akavuta pumzi kwa meno, nikaitoa. Nilijiambia nimegusa mfupa.

Nilijua kanuni. Tulifundishwa, na mimi niliiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: jeraha la kuchomwa, lenye uchafu wa zizi, lililolala usiku kucha, halishonwi. Unalipanua, unakata nyama iliyokufa, unaosha mpaka chini, unalaza shashi ndani na kuliacha wazi, kila siku unarudia. Jeraha hubaki linachukiza, mgonjwa hunung'unika, lakini hupumua. Nilimwambia mjomba kwamba pengine ingefaa tuliache wazi.

"Wazi? Na inzi wa zizini?" Akatazama watu, akanitazama mimi. "Nifunge, mayu. Kesho nina ng'ombe wa kulogesha." Alimaanisha kuogesha kwenye josho. "Halaka tu."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nilikuwa na cheti, na mjomba angenisikiliza kama ningesema mara ya pili. Sikusema mara ya pili. Viti vile vyote vilikuwa vinaningoja nionyeshe nilichosomea, na kupakia shashi kwenye tundu hakuna anayekupigia makofi. Nikashona.

Halafu kuna sindano. Kila Jumanne kule kliniki nilikuwa nawachoma kina mama wajawazito chanjo ya pepopunda, pengine thelathini kwa asubuhi moja. Chupa zake zilikaa kwenye friji hatua mbili kutoka kwenye meza yangu. Lakini sisi tuliiita sindano ya wajawazito, na kina mama walikuwa na utani wao: mwanaume akisogea karibu na dirisha lile anaulizwa ana miezi mingapi. Mjomba wangu, mtu wa ng'ombe, aliyetembea pekupeku juu ya samadi maisha yake yote, hakuwahi kuchanjwa hata tone. Wazo lilinipitia. Nilisema moyoni kesho nitaleta chupa moja kwenye kibeba baridi. Kesho yake alfajiri alipanda lori la kwanza akaenda zake, mimi nikiwa bado napiga mswaki. Nilimpa kapsuli za siku tano, kana kwamba zingefika. Dawa husafiri na damu, na nyama iliyokufa haina damu.

Siku ya tisa walimleta kwenye lori la mnunuzi binafsi wa pamba, amelazwa juu ya magunia matupu.

Nilijua nikiwa mlangoni. Nyusi zake zilikuwa zimepanda juu, pembe za midomo zimevutwa kwenda masikioni, meno yameumana. Ukimwona kwa mbali ungesema anacheka. Mkewe, mama mtulivu asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba siku mbili hizi alikuwa hawezi kutafuna ugali, wakadhani ni jino, kisha shingo ikakaza. Jirani mmoja alikwisha sema amechezewa, maana mgonjwa gani anacheka? "Na kidonda?" nikauliza. "Kidonda kilipona, mama. Nyuzi nilizitoa mwenyewe juzi kwa wembe." Wakati huohuo mtoto wa jirani akaangusha mfuniko wa sufuria. Mgongo wa mjomba ukapinda kama upinde, akabaki amesimamia kisogo na visigino juu ya mkeka, jasho linamtiririka, na macho yake, yaliyo wazi kabisa, yakanitazama.

Tukampeleka hospitali kubwa. Walimweka kwenye chumba cha mwisho wa wodi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mlangoni karatasi inayokataza kelele. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyevaa kandambili ili asisikike akitembea. Alipima taratibu, kidole kwa kidole. Akauliza mlango wa ugonjwa uko wapi. Mkewe akanyooshea kidole shavu la mguu.

Daktari akamulika tochi kupitia kitambaa ili mwanga usimshtue mgonjwa. Kovu lilikuwa kavu, jembamba, limenyooka. "Hiki kimeshonwa na mtu anayejua," alisema. "Nani alishona?"

Mkewe alinitazama. Alikuwa akingoja nijibu, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia na maneno ya hospitali yalikuwa yangu. Mbele yangu alikuwa amesimama daktari ambaye siku yoyote angeweza kukutana na bosi wangu wa kliniki, na nyuma yangu mama yangu alikuwa anaingia na chupa ya chai.

"Huko huko kijijini, nadhani," nikasema.

"Kilisafishwa mpaka ndani?"

"Nasikia kilisafishwa vizuri."

Mke wa mjomba aliinamisha uso. Hakunisahihisha, wala hajawahi kunikumbusha maneno yale mpaka leo. Daktari aliuacha mguu, akaanza kutafuta mlango mwingine, kwenye masikio, kwenye kucha, na kwenye vidole vya miguu akakuta vitundu vya funza. Akavisafisha vile, kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mimi nilimwambia uongo kwa uso mkavu. Akaagiza dawa ya kulegeza misuli iingie kwa dripu, na antiviini ya kukamata sumu, baada ya kujaribu tone moja chini ya ngozi kuona kama itamletea madhara.

Jioni mkewe alimwuliza, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno: "Daktari, nani anamvuta mgongo?"

Nakumbuka jibu lake karibu neno kwa neno, kwa sababu nilihisi ananisomea mashtaka. Alichuchumaa kando ya benchi letu. Akasema kwenye udongo na samadi kuna vijidudu vilivyolala ndani ya ganda gumu, vinaweza kulala miaka. Juani na hewani havifanyi kitu. Lakini ukivitia chini kabisa ya nyama, mahali palipokufa, pasipo na hewa, halafu ukavifunikia, vinaamka na kuzaliana. Vyenyewe haviondoki pale. Vinachotoa ni sumu, na sumu inaingia kwenye mishipa ya fahamu, inapanda nayo mpaka kwenye uti wa mgongo.

"Sasa tazama mkono wako," alimwambia, akamkunja kiwiko. "Msuli huu wa mbele ukivuta, wa nyuma yake huambiwa legea. Na ukimaliza kuvuta, nao huambiwa basi, pumzika. Kuna mishipa ambayo kazi yake ni hiyo tu, kusema legea, kusema basi. Sumu hii inaiziba mishipa hiyo midomo. Anayesema vuta bado anasema. Anayesema basi hasikiki tena. Kwa hiyo kitu kidogo tu, mlango, mwanga, mkono wa kumfariji, kinaamsha amri ya kuvuta, na hakuna wa kuizuia. Misuli yote inavuta pamoja, ya mbele na ya nyuma, na yenye nguvu zaidi inashinda. Ya taya inafunga mdomo. Ya mgongo inampinda. Hakuna anayemvuta, mama. Ni misuli yake mwenyewe iliyokosa wa kuituliza."

"Na akili yake?"

"Nzima. Anatusikia. Maumivu anayasikia yote."

Mkewe alikubali kwa kichwa, akarudi kukaa. Mimi nilitoka nje uani.

Ungedhani hapo nilirudi nikasema. Sikusema. Nilijipa sababu: antiviini imeshaingia, dripu inatiririka, mguu umepona kwa nje, kusema kutaongeza nini? Nilikuwa muuguzi wa kutosha kujua kwamba hizo ni porojo. Asubuhi yake, kabla sijaenda kazini, daktari alitukuta koridoni, amekunja uso. Mikakamao ilikuwa imeongezeka, sasa ilikuja hata bila kelele. Alisema antiviini inakamata sumu inayoelea tu. Ile iliyokwisha kuingia kwenye mishipa haishikiki tena, ni kungoja wiki kadhaa mpaka mwili ujitengenezee ncha mpya za mishipa. "Kinachonitisha ni kwamba pengine mahali fulani bado inatengenezwa. Kila saa inapanda nyingine." Nikamwambia pole kwa kazi, daktari. Nikaondoka.

Ilikuwa Jumanne. Benchi la kliniki lilikuwa limejaa matumbo. Nilichoma bega la kwanza, la pili, la kumi. Mama mmoja mdogo, mimba yake ya kwanza, alikaza mkono akauliza kwa woga, "Dada, hii inazuia nini hasa?" Nikafungua mdomo nimjibu kama nilivyowajibu mamia kabla yake, kwamba inawakinga yeye na mtoto wake dhidi ya pepopunda, vijidudu vinavyoingia kwenye kitovu au kidonda kichafu. Nilifika kwenye neno kidonda. Nililia mbele ya wajawazito wote wale, sindano mkononi, mpaka mwenzangu akaja kuichukua. Nilimwambia nina msiba. Nikatoka nikakimbia, na sare yangu na yote, mpaka hospitali.

Daktari alikuwa anakunywa uji kwenye chumba cha wauguzi. Nilisema nikiwa nimesimama. "Ni mimi niliyemshona. Lilikuwa jeraha la nguzo ya zizi, la siku moja. Sikulipanua. Koleo iligusa kitu nikakiacha. Chanjo sikumpa." Nilijiandaa kupigwa kofi, kusema kweli nililitaka. Yeye alitua kikombe.

"Umekaa nalo tangu jana mchana?"

"Ndiyo."

Alinyanyuka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji.

Walimlaza usingizi, na aliniruhusu nisimame pembeni; sijui kama ilikuwa huruma au adhabu. Kisu kilipita juu ya mstari wangu mnyoofu, na chini ya ngozi ile nzuri nyama ilikuwa nyeusi, yenye maji ya kijivu na harufu ya tope lililooza. Chini kabisa, karibu na mfupa, koleo ya daktari ilivuta kijiti chenye urefu wa pingili mbili za kidole, bado kina magamba, na samadi imegandia kwenye magamba hayo. Alikiweka kwenye bakuli ya chuma bila kunitazama. Alikata nyama yote iliyokufa mpaka ikatoka damu nyekundu, akaosha, akalaza shashi, akaacha wazi, jinsi nilivyokuwa nimeandika kwa wino mwekundu.

Siku ile niliyoficha ukweli ilimgharimu nini mjomba sijui, na daktari alikataa kunikadiria. Ninachojua ni kwamba usiku wa siku ya nne koo lilifunga, akawa wa bluu, na waliokuwa zamu walimrudisha kwa shida. Wiki nzima moyo wake ulikimbia na kusimamasimama. Mwanaume aliyekuwa akimlaza dume kwa mikono alikuwa analishwa uji kwa mpira wa puani. Mama yangu alimwonya kila mgeni asimguse, asivae viatu vya kisigino, asilie kwa sauti. Na kwa kila mgeni alisifu jinsi nilivyoutambua ugonjwa nikiwa mlangoni tu. Nilimwacha asifu. Hilo nalo naliweka kwenye hesabu yangu.

Wiki ya tatu mikakamao ilianza kupungua. Taya lilifunguka kwa upana wa kijiko, kisha wa vidole viwili. Alipoweza kukaa, daktari aliagiza achanjwe, maana kuugua pepopunda hakumpi mtu kinga yoyote. Sumu inayotosha kuua ni ndogo mno hata mwili haupati nafasi ya kuijua. Nilimchoma mimi. Aliomba niwe mimi. "Basi nina miezi mingapi?" aliuliza kwa sauti iliyokwaruza, na wodi nzima ikacheka, na mimi sikuweza.

Siku moja kabla hajaruhusiwa nilimtoa barazani, tukakaa kwenye benchi linalotazama ziwa. Alikuwa amekonda, magoti yametokeza kama ya ndama. Niliyapanga maneno yangu tangu nyumbani: sikusafisha mpaka chini, nilitaka kusifiwa, nilijua na nikashona. Nikayasema yote, nikitazama sakafu. Halafu nikafika kwenye lile lililokuwa zito kuliko hayo. Nikamwambia kwamba daktari aliuliza nani alishona, na mimi nikasema ni huko kijijini.

"Nilisikia," alisema.

Nikainua macho kutoka sakafuni.

"Nilisikia yote, mayu. Taa nilikuwa naiona, mkono wa daktali ulikuwa mguuni hapa. Alipouliza nilikuona umeshtuka." Alipangusa mate pembeni mwa mdomo, bado ulikuwa haujamtii vizuri. "Nilijitahidi sana nijibu mimi, halaka, kabla yako. Nilitaka kumwambia nimejishona mwenyewe, wasije wakakufukuza kazi. Mdomo ukakataa."